Kishawishi cha Kuacha Kusema: Hotuba ya Mahafali ya Feynman ya Mwaka 1974

Hotuba ambayo mwanafizikia Richard Feynman aliitoa kwenye mahafali ya Taasisi ya Teknolojia ya California mwaka 1974 inahusu kishawishi ambacho kijana anayeanza kazi hukutana nacho mapema kuliko bahasha ya rushwa: kuambiwa kwa upole, na mara nyingi bila kuandikwa popote, kwamba matokeo fulani si lazima yaonekane kwenye ripoti. Wahitimu waliomsikiliza mjini Pasadena walikuwa wakielekea maabara, viwandani na kwenye idara za serikali. Feynman, aliyekuwa mwalimu chuoni hapo na mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1965, hakuwaeleza namna ya kufanikiwa huko. Aliwaeleza kitu ambacho, kwa maneno yake, chuo kilitumaini wamekiokota njiani bila kufundishwa somo lenyewe.

Alitoa mfano wa wakazi wa visiwa vya Pasifiki ambao wakati wa vita waliona ndege zikitua zimesheheni bidhaa, na vita ilipokwisha walitaka zirudi. Wakatengeneza njia ya kutulia ndege, wakawasha mioto kandokando yake, wakajenga kibanda na kumketisha ndani mtu aliyevaa vipande vya mbao masikioni mfano wa waongozaji wa ndege. Kila kitu kilifanana na kile walichokiona, ila ndege hazikutua. Feynman alisema utafiti mwingi uko hivyohivyo: una majedwali, fomula na istilahi, lakini una pengo moja kubwa. Pengo hilo aliliita uaminifu wa kisayansi, na sehemu kubwa ya hotuba ilikuwa kueleza uaminifu huo ni wa namna gani.

Kwa kawaida mtu huhesabiwa mwaminifu asiposema uongo. Kipimo cha Feynman ni kigumu zaidi. Anayetoa matokeo anatakiwa aweke mezani kila kitu kinachoweza kuyatilia shaka: sababu nyingine zinazoweza kuzaa matokeo hayohayo, vipimo ambavyo havikukubaliana na vingine, na mambo aliyoyafikiria akayaondoa, pamoja na jinsi alivyoyaondoa. Alitoa mfano wa tangazo la mafuta ya kupikia lililojisifu kwamba mafuta hayo hayapenyi ndani ya chakula. Maneno hayo ni kweli. Lakini mafuta yoyote hayapenyi yakiwa kwenye joto fulani, na yote hupenya kwenye joto jingine, yakiwamo hayo yaliyotangazwa. Msomaji wa tangazo hudanganyika bila kuambiwa neno hata moja la uongo, na ndiyo maana mfano huu una uzito kuliko udogo wake: ripoti nyingi za kazini hupotosha kwa njia hiyohiyo.

Mfano mzito zaidi aliutoa nyumbani kwao. Robert Millikan, aliyekiongoza chuo hicho kuanzia 1921 hadi 1945, alipima chaji ya elektroni kwa kutazama matone madogo ya mafuta yakielea na kushuka kati ya sahani mbili zenye umeme. Mwendo wa tone linaposhuka hutumika kukadiria ukubwa wake, na hesabu hiyo hutegemea mnato wa hewa, yaani kiasi ambacho hewa inakikinza kitu kinachopita ndani yake. Millikan alitumia kipimo cha mnato chenye kosa dogo, na jibu lake la mwaka 1913 likawa pungufu kwa takriban sehemu 6 kati ya 1,000.

Kosa lenyewe si la ajabu. Feynman aliwataka wahitimu watazame yaliyofuata. Waliopima baada ya Millikan walipata namba iliyozidi ya kwake kidogo, waliofuata wakapata iliyozidi hiyo kidogo, ikapanda polepole hivyo hadi ikatulia mahali pake. Kwa nini hakutokea mtu aliyefika kwenye jibu sahihi kwa mara moja? Kwa sababu aliyepata namba ya juu sana aliona lazima kuna kasoro, akaitafuta mpaka akaipata sababu ya kuiacha. Aliyepata namba iliyokaribiana na ya Millikan hakujisumbua kutafuta kasoro. Hakuna aliyeghushi. Kila mmoja alikuwa makini, lakini umakini wake uliamka pale tu jibu lilipomtofautisha na mkubwa. Hapo ndipo Feynman alipoweka kanuni yake ya kwanza, kwamba mtu asijidanganye mwenyewe, na kwamba hakuna mtu rahisi kumdanganya kuliko nafsi yake. Akishavuka hapo, kutowadanganya wengine huwa kazi nyepesi.

Kutoka maabara alihamia kwenye mshahara. Alimtaja rafiki yake mtaalamu wa elimu ya nyota, aliyetakiwa kuhojiwa redioni na hakujua aeleze vipi faida za kazi yake kwa maisha ya kila siku. Feynman akamwambia faida hizo hazipo. Rafiki akajibu kwamba akisema hivyo, fedha za utafiti zitakatika. Jibu la Feynman lilikuwa kwamba anayegharimia ana haki ya kuambiwa kazi ilivyo, na akiamua kutoigharimia, huo ni uamuzi wake. Vilevile kwa mshauri wa serikali: akiulizwa kama mradi ujengwe katika jimbo fulani, ushauri ukimfaa kiongozi hutangazwa, usipomfaa hufungiwa kabatini. Mtaalamu anayekubali utaratibu huo anatumika, hashauri. Kwa hiyo uamuzi wa kutangaza matokeo unapaswa kufanywa kabla ya kupima, wakati hakuna ajuaye yataelekea wapi.

Mahali ambapo wahitimu wengi wa uhandisi katika Afrika Mashariki hukutana na hali hii ni kwenye zege. Wakati wa kumwaga nguzo, fundi wa maabara huchukua sampuli na kuzijaza kwenye vyuma vya mchemraba wa milimita 150. Baadhi ya michemraba hupondwa kwenye mashine ikiwa na siku 7, na iliyobaki ikifika siku 28. Tuseme zege lilitakiwa kufikia nguvu ya newtoni 25 kwa milimita ya mraba, na michemraba mitatu ya siku 28 ikatoa 31, 29 na 17. Kijana aliyeajiriwa juzi atasikia kwamba ule wa tatu haukushindiliwa vizuri, kwa hiyo aandike miwili tu. Huenda ni kweli haukushindiliwa. Lakini ile miwili nayo ilijazwa na mkono uleule siku ileile, na hakuna aliyetaka kuikagua, maana ilipita. Ni kosa lilelile la waliomfuata Millikan, isipokuwa hapa juu ya nguzo kuna ghorofa na watu ndani.

Ripoti inayokidhi kipimo cha Feynman huandika namba zote tatu, tarehe ya kumwaga, na kilichoonekana kwenye mchemraba dhaifu kabla ya kupondwa, kama vile matundu au pembe zilizomeguka. Kisha hueleza kwamba nguzo yenyewe inahitaji kupimwa, ama kwa kutoboa na kuchukua kipande cha zege lililokwisha kukauka, ama kwa njia nyingine. Mkaguzi mzoefu pia hana shida kutambua faili lililosafishwa. Zege halisi hupanda na kushuka. Miezi mingi ya matokeo yanayokaribiana mno, yote yakiwa juu kidogo tu ya kiwango, ni dalili kwamba kuna karatasi zilizotupwa.

Feynman mwenyewe alikuja kuyaona madhara ya data iliyopungua miaka 12 baadaye, alipoteuliwa kwenye tume iliyochunguza ajali ya chombo cha anga cha Challenger. Chombo hicho kilirushwa Florida tarehe 28 Januari 1986 kukiwa na baridi ya takriban nyuzijoto 2, kikasambaratika baada ya sekunde 73, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wahandisi wa kampuni ya Thiokol, iliyotengeneza roketi za pembeni, walipinga urushaji kwa simu. Hofu yao ilikuwa kwamba pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi hizo hukakamaa kwenye baridi na kuacha gesi ya moto ipenye. Walishauri kisirushwe chini ya nyuzi 12.

Mjadala ukakwama kwenye hesabu. Safari 7 zilizotangulia zilikuwa zimeonyesha madhara kwenye maungio hayo, baadhi wakati wa baridi na baadhi wakati wa joto, kwa hiyo anayezitazama hizo peke yake haoni uhusiano wowote na hali ya hewa. Tume ilipopanga safari zote 24, zikiwamo ambazo hazikuwa na madhara, picha ilibadilika kabisa. Katika safari 20 zilizorushwa kwenye nyuzi 19 au zaidi, ni 3 tu zilizoathirika. Chini ya hapo zilikuwa 4, na zote 4 ziliathirika. Zilizosalimika zilionekana hazina la kusema, kumbe ndizo zilizobeba ushahidi.

Usiku ule mmoja wa wakubwa wa Thiokol alimtaka mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi, na kampuni ikageuza ushauri wake. Kwenye uchunguzi, Feynman alikuta viongozi wakikadiria kwamba ajali ingeweza kutokea mara moja katika safari 100,000, ilhali wahandisi walisema kama mara moja katika 100. Aliandika hayo katika kiambatisho chake na kutishia kuondoa jina lake kwenye ripoti ya tume kama kisingejumuishwa. Kilijumuishwa.

Kuna jambo ambalo hotuba ya 1974 haikulitatua, na ni haki kulisema. Mwishoni Feynman aliwatakia wahitimu bahati moja tu: wapate kazi mahali ambapo hawatalazimika kuupoteza uaminifu huo ili kulinda cheo au fedha. Aliiita bahati, na hakueleza afanye nini aliyeikosa. Historia ya Thiokol inajibu kwa sehemu. Roger Boisjoly, mhandisi aliyewaonya wakuu wake kwa maandishi tangu Julai 1985, aliieleza tume ukweli, akatengwa na wenzake, na akaiacha kampuni. Mwaka 1988 alipewa tuzo ya uhuru na uwajibikaji wa kisayansi na Chama cha Marekani cha Kuendeleza Sayansi. Allan McDonald, aliyeiwakilisha kampuni kwenye kituo cha kurushia na kukataa kutia saini idhini ya urushaji, aliondolewa kwenye nafasi yake baada ya kutoa ushahidi. Wabunge walipoibana kampuni alirudishwa, akaongoza usanifu upya wa maungio hayo, na vyombo vya anga vya aina ya Challenger vikaanza kuruka tena Septemba 1988.