Lubumbashi: Bei ya nyumba si feza yote, hesabu ya sertifika inakuja kisha

Mutu mwenye kutafuta nyumba mu Lubumbashi anauliza kwanza bei. Wakati wamepatana, anatoa dola zote alizoweka, wanatia sahihi ku karatasi mbele ya majirani, na anapewa funguo. Lakini mu vitabu vya konservatere, nyumba hiyo ingali ya mwenye kuuza.

Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema kama udongo wote ni mali ya Serikali. Kufuatana na kifungu 219, haki ya mutu juu ya kiwanja inahakikishwa tu na sertifika ya uandikishaji. Karatasi ya mauzo, hata fishi ya parsele ya komini, haiwezi kuchukua nafasi yake.

Kubadilisha jina ku sertifika, ni kusema mitasio, kunalipiwa. Ripoti ya Doing Business ya Benki ya Dunia ya mwaka 2011 iliandika kama Kongo ilipunguza kodi hiyo nusu, ikafika 3% ya samani ya nyumba. Wengi wanajikwaa hapa: wanahesabu 3% juu ya bei waliyopatana. Lakini ofisi inatuma wataalamu kupima na kuangalia nyumba, na samani wanayoandika ndiyo inahesabiwa. Kuandika bei ya chini ku karatasi hakusaidie sana.

Tufanye mufano. Nyumba imeuzwa dola 20.000, na wataalamu wameandika samani ya 24.000. Kodi ya 3% ni dola 720, hapana 600. Tuseme komisionere anaomba 5% ya bei, ni 1.000, avoka na notere 400, upimaji na safari ya wataalamu 200, sertifika mupya na karatasi zake 150. Jumla ni dola 2.470 juu ya bei. Mwenye kununua anapaswa kuwa na dola 22.470.

Mwenye alikuja na 21.000 anabakia katikati: bei imelipwa, mitasio imesimama. Kama mwenye kuuza anakufa, watoto wake wanaweza kudai nyumba yenye ingali ku jina la baba yao. Na kama ana roho mubaya, anaweza kuiuza mara ya pili, na yule wa pili akikimbia mbele ku konservatere, kesi inaanza.

Kwa hiyo hesabu inafanywa mbele ya kutoa feza. Mwenye kununua anaomba konservatere ahakikishe namba ya sertifika, jina la mwenyewe na kama nyumba haina deni la benki. Anauliza kodi ya siku hiyo, anaomba noti ya malipo, analipa ku benki na kuchunga risiti. Na mu karatasi ya mauzo, wanaweza kupatana kama sehemu ya bei itatolewa tu siku sertifika mupya itatoka.