Usijibu neno, jibu shida ya mteja

Majibu ya haraka ya WhatsApp Business, yale unaandika / yanajitokeza, yanaokoa muda. Ila ukichagua vibaya unapoteza mteja.

Mimi nauza viatu Mbagala. Dada mmoja aliniuliza, "Kikinibana je?" Nikaona mambo ya saizi, nikamtupia /saizi, ile orodha ya namba na sentimita. Kimya. Baadaye nikamuuliza, kumbe alitaka kujua kama naruhusu kubadilisha, na alishanunua kwingine. Jibu nilikuwa nalo, /badili. Ila neno "kubadilisha" halikuwemo kwenye swali lake.

Siku hizi kabla sijagusa / najiuliza: huyu anataka kujua nini ndio alipie? "Mnafika Chanika?" na "Nipo Gongo la Mboto, nakipataje?" yote ni /usafiri. Halafu nasoma jibu zima kabla ya kutuma. Kama limetaja nauli ya Temeke tu, wa Bunju namwandikia yake.

Swali lisipoeleweka, uliza: "Unamaanisha kubadilisha, dada?" Kama halina jibu, andika jipya. Likirudi mara tatu, lihifadhi.