Mjamzito, Zamu ya Usiku na Kazi Inayomsubiri

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mwajiri haruhusiwi kumpangia mjamzito zamu hiyo katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua, wala katika miezi 2 baada ya kujifungua. Katazo linaweza kuanza mapema zaidi, au kuendelea baadaye, ikiwa kuna cheti cha daktari.

Mfano ni mfanyakazi wa kiwandani anayetarajia kujifungua tarehe 30 Septemba. Anatakiwa kumwarifu mwajiri angalau miezi 3 kabla, yaani kufikia 30 Juni, akiambatisha cheti. Zamu za usiku zinakoma 30 Julai. Akianza likizo 2 Septemba, wiki 4 kabla, siku zake 84 zenye malipo zinakwisha 24 Novemba. Akizaa pacha, anapata siku 100.

Hapa ndipo wapanga zamu hukosea. Likizo imekwisha, lakini kama alijifungua 30 Septemba, katazo la usiku linaendelea hadi mwisho wa Novemba.

Anaporudi, anaendelea na kazi kwa masharti yale yale: mshahara na cheo havipunguzwi. Anayenyonyesha hupewa muda wa hadi saa 2 kwa siku. Kumwachisha kazi kwa sababu ya ujauzito ni uachishaji usio halali, nao unaweza kulalamikiwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.