Pilau ya Manjano na Waraka wa Meneja wa Chapa

Tuchukue kiwanda cha viungo cha Dar es Salaam kinachouza bizari ya pilau. Ramadhani inakaribia, na kijana wa matangazo anatuma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi picha ya sinia la pilau, pakiti ya kampuni ikiwa pembeni. Picha imetengenezwa na akili unde kwa dakika chache na kila mtu anaipenda. Ukiikuza ndipo unapoona kwamba pilau ni ya manjano, herufi za uzito kwenye pakiti zimeungana, na mahali pa alama ya ubora ya TBS pana michirizi tu. Mpishi yeyote wa Pwani angeuliza hiyo ni pilau ya wapi.

Ndiyo maana meneja wa chapa hukaa chini akawaandikia wafanyakazi wake. Waraka mzuri wa namna hii hauanzii kwenye lebo. Unaanza kwa kusema kisichoruhusiwa kutengenezwa kabisa, nacho ni bidhaa yenyewe. Pakiti na chakula kilichopikwa kwa bizari ile vipigwe picha kwa kamera. Akili unde ibaki na mandhari, yaani ukuta, kitambaa cha meza, taa za jioni. Mteja anapotoa pesa anaamini kile alichokiona. Mwezi Februari 2024 jijini Glasgow, Uskoti, familia zilinunua tiketi za hadi pauni 35 kwa ajili ya maonyesho ya chokoleti yaliyotangazwa kwa picha za akili unde, zikiwa na maneno yasiyo na maana yoyote. Walipofika walikuta ukumbi mtupu wenye mapambo machache, na mwishowe polisi wakaitwa. Hata kama picha zile zingeandikwa zimetengenezwa na nini, ukumbi ungebaki mtupu vilevile.

Baada ya hapo ndipo lebo inapokuja, na hapa watu huchanganya mambo. Picha ya kamera iliyokatwa pembeni au kuongezwa mwanga haihitaji lebo. Pakiti halisi iliyowekwa juu ya mandhari ya kutengenezwa inahitaji, na picha iliyotengenezwa yote inahitaji zaidi. Mpaka huu una sababu. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ilianza kubandika lebo ya “Made with AI” kwenye picha za Facebook na Instagram, wapiga picha wakalalamika kwamba hata picha zao halisi, zilizorekebishwa kidogo tu, zimebandikwa. Meta ikabadilisha maneno yakawa “AI info”. Lebo ikiwekwa ovyo, watu huacha kuisoma.

Lebo yenyewe iwe sehemu mbili. Ya kwanza ni maneno kwenye picha, makubwa kiasi cha kusomeka kwenye simu ya kawaida: “Mandhari imetengenezwa kwa akili unde.” Ya pili imo ndani ya faili, kwenye taarifa zisizoonekana kwa macho. Sehemu hiyo huitwa `DigitalSourceType`. Picha iliyotengenezwa yote huandikwa `trainedAlgorithmicMedia`, na iliyochanganywa `compositeWithTrainedAlgorithmicMedia`.

Hapa ndipo ofisi nyingi zinapokwama. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na taarifa zile hufutika. Ukipiga picha ya skrini, zinafutika pia. Kwa hiyo faili la mwisho litumwe kama hati, au lichukuliwe kwenye folda ya pamoja. Fundi wa kompyuta anaweza kulikagua kwa amri hii:

```
exiftool -DigitalSourceType tangazo.jpg
```

Isipoleta kitu, alama haimo, na faili lirudi kwa aliyelitengeneza.

Kuhusu idhini, “sawa” ya kwenye kundi au gumba lililoinuliwa si idhini. Apitishe mtu mmoja mwenye jina, akiitazama picha kwa ukubwa wake kamili huku ameshika pakiti halisi mkononi, akilinganisha rangi, uzito na alama moja moja. Pamoja na jina lake vihifadhiwe faili la awali, jina la programu, maneno yaliyoandikwa kuiagiza na tarehe. Ikibadilishwa chochote baada ya hapo, hata kupanuliwa tu ili itoshe bango la barabarani, inarudi kwake. Programu ikiombwa kupanua picha huweza kujaza kingo kwa vitu ambavyo hakuna aliyeviona.

Sura ya mtu halisi isitumike bila ridhaa yake ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Nami ningeongeza katazo moja: asitengenezwe “mteja” anayesifu bizari. Mama wa kubuni hajaonja kitu.

Na picha mbovu ikishatoka, kuifuta kwenye ukurasa wa kampuni hakutoshi, kwa sababu wenye maduka wameshaiweka kwenye simu zao. Watumiwe iliyo sahihi siku hiyohiyo, na waombwe waziwazi kufuta ya zamani.