Kilo Moja kwa Wiki Moja Haiwezi Kuwa Misuli

Swali huwafikia wataalamu wa lishe ya michezo likiwa na karatasi mbili. Mtu alipimwa mwili, akaanza kunywa kreatini, akapimwa tena baada ya siku 7, na mstari ulioandikwa "Lean Mass" umepanda kwa kilo moja na ushei. Anataka kujua kama aongeze dozi, maana kwa kasi hiyo atakuwa na kilo nne za misuli mipya kabla mwezi haujaisha. Hakuna dozi ya kujadili hapa. Mstari ule haupimi misuli, na muuzaji anayebandika karatasi za namna hiyo ukutani kama ushahidi wa bidhaa yake anawapotosha wateja.

Mashine ya DXA, ile ya kulalia inayotumika pia kupima uimara wa mifupa, hupitisha mwilini eksirei za nguvu mbili tofauti. Kutokana na jinsi miale inavyofifia, hutenga madini ya mifupa na mafuta. Chochote kisichokuwa hivyo viwili kinawekwa kwenye "Lean Mass". Misuli imo, lakini imo pia ini, figo, ngozi, damu na maji yote. Karibu asilimia 73 ya uzito usio mafuta ni maji. Mtu akinywa lita moja ya maji kisha akapanda mezani, mashine itaihesabu lita hiyo humo humo.

Mizani za jimu ni tatizo zaidi. Mtu anapanda peku, anashika vishikio viwili, na umeme mdogo unapita mwilini. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko mafuta, kwa hiyo maji yakiongezeka ukinzani unashuka, na fomula iliyo ndani ya mashine inakadiria kwamba misuli imeongezeka. Ni makadirio tu, ingawa yanachapishwa hadi nukta moja ya desimali kana kwamba mtu amekatwa na kupimwa vipande vipande.

Sasa kreatini yenyewe. Sehemu kubwa ya kreatini ya mwilini hukaa ndani ya misuli, na ikiongezeka ndani ya seli huvuta maji yaifuate. Ndiyo maana uzito hupanda haraka siku za mwanzo, hasa kwa anayekunywa gramu 20 kwa siku kwa muda wa wiki moja.

Tuchukue mfano wa kijana wa kilo 74 mwenye mafuta kilo 15. Baada ya wiki ya gramu 20 kwa siku ana kilo 75.2, mafuta ni yale yale, na "Lean Mass" imepanda kwa kilo 1.2. Tuseme kweli ni misuli. Kiasi cha robo tatu ya msuli ni maji na karibu moja ya tano ni protini, kwa hiyo angepaswa kuwa ameweka gramu kama 240 za protini mpya, yaani gramu 34 zinazobaki mwilini kila siku baada ya kutoa zote zilizovunjwa. Je, uzito huo ni wa kreatini yenyewe? Mtu wa kilo 70 ana gramu kama 120 za kreatini mwilini, na akijaza misuli huongeza takriban asilimia 20, yaani gramu 24 hivi. Nyingine huishia kwenye mkojo. Kati ya gramu 1,200, gramu 24 ni unga, na karibu zote zilizobaki ni maji. Karatasi hiyo hiyo itaonyesha pia mafuta yameshuka kutoka asilimia 20.3 hadi 19.9, ingawa hakuna hata gramu moja iliyochomwa. Mafuta yale yale yamegawanywa kwa uzito mkubwa zaidi, basi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, walilipima jambo hili kwa mpango mzuri, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Walishiriki watu 63. Kundi moja lilikunywa gramu 5 za kreatini kila siku, jingine halikunywa. Kwa siku 7 za kwanza hakuna aliyeanza mazoezi ya utafiti, kisha makundi yote mawili yalinyanyua vyuma kwa wiki 12. Siku 7 zilipokwisha, kabla ya mazoezi yoyote, kundi la kreatini lilikuwa limeongeza uzito usio mafuta kwa nusu kilo hivi kuliko lile jingine, na tofauti ilionekana zaidi kwa wanawake. Wiki 12 zilipomalizika, makundi yote mawili yalikuwa yameongeza wastani wa kilo 2, sawa kwa sawa.

Kilo 2 kwa wiki 12 ni chini ya gramu 170 kwa wiki. Hiyo ndiyo kasi ya watu wanaofanya mazoezi kwa kusimamiwa. Anayedai kilo 1.2 kwa wiki anadai mara saba ya hapo, tena bila kutoka jasho.

Maji hayaletwi na kreatini peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Australia waliwapima waendesha baiskeli waliozoezwa vizuri kwa DXA. Kujaza kreatini kulipandisha uzito usio mafuta kwa asilimia 1 na kidogo, kula wanga mwingi ili kujaza glaikojeni kukaupandisha kwa kama asilimia 2, na vyote pamoja kwa karibu asilimia 3. Sahani kubwa za wali na ugali kwa siku mbili tatu kabla ya skani zinatosha kumpa mtu "misuli" mingi zaidi kuliko unga alioununua.

Hii haina maana kwamba kreatini ni bure. Inasaidia kurudia seti nzito, na tafiti zilizopima misuli yenyewe kwa picha, badala ya kukadiria, zilipochambuliwa pamoja mwaka 2023 zilionyesha kwamba anayekunywa kreatini na kunyanyua vyuma hupata unene wa ziada wa milimita moja hadi moja na nusu hivi. Ni faida ndogo, ya kweli, na huja kwa miezi.

Wanaotaka kuyatoa maji hayo kwa vidonge vya kukojosha waache leo. Maji yaliyofuata kreatini yako ndani ya seli za misuli, hayajajificha chini ya ngozi. Vidonge hivyo huanza na maji ya damu, na vingi huondoka na potasiamu ambayo moyo unaihitaji.

Anayetaka namba yenye maana ana njia chache. Anywe gramu 3 hadi 5 kwa siku kwa wiki nne, misuli ijae, ndipo apime kipimo cha kwanza. Cha pili kiwe baada ya wiki 12, akiwa bado anakunywa. Atumie mashine ile ile, asubuhi, kabla ya kula na baada ya kukojoa, bila mazoezi mazito jana yake na bila kubadilisha kiasi cha wanga. Tofauti iliyo chini ya asilimia 1 aipuuze, kwa kuwa mashine yenyewe huyumba kiasi hicho. Aliyekwisha kupima kabla ya kuanza anaweza kuacha kreatini kwa wiki sita akiendelea na mazoezi, misuli irudi kwenye kiwango chake cha kawaida, kisha apime tena na kulinganisha na karatasi ya kwanza. Na akipimwa figo, amwambie daktari kwamba anakunywa kreatini, kwa sababu kreatinini kwenye damu inaweza kupanda bila figo kuwa na kasoro.