Lebo ya Kijerumani kwenye Simu ya Nyumbani

Pipa la mzigo likifika kutoka Hamburg, hukosi kukuta ndani yake chupa mbili tatu za dawa za usafi. Aliyezinunua anazijua kwa mazoea. Anayezifungua Tanga au Kisumu hajui Kijerumani, basi anapiga picha, anaituma kwenye kundi la familia na kuuliza, "Jamani, hii ni ya nini?" Majibu huja mbio. Mjomba anasema sabuni ya choo, binamu anasema dawa ya madoa, na hakuna hata mmoja aliyeisoma lebo, kwa kuwa wote wameshaamini kwamba haisomeki. Kumbe inasomeka, na sehemu kubwa ya kazi haihitaji Kijerumani.

Tuchukue chupa ya aina inayouzwa sana huko: jeli ya kuzibua mabomba ya sinki, yenye kostiki na klorini pamoja. Picha ya upande wa mbele haina faida kubwa, maana mbele ni biashara: jina, maji yanayometameta na bomba linalong'aa. Omba picha ya nyuma. Hapo tafuta mraba mweupe wenye mpaka mwekundu, uliosimama kwa pembe yake kama uru ya karata. Sheria ya Ulaya inataka michoro ya hatari, neno la tahadhari na sentensi za maelezo vikae pamoja kwenye lebo, hivyo ukiupata mraba mmoja umeshafika penyewe.

Michoro hiyo ilitokana na mfumo wa Umoja wa Mataifa uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, na nchi za Ulaya zikauingiza katika sheria yao ya mwaka 2008. Iko tisa, lakini chupa yetu ina miwili tu. Wa kwanza unaonyesha vichupa viwili vya maabara vikimwaga tone, moja juu ya kipande cha chuma na jingine juu ya mkono, na vyote viwili vinalika. Huo ni mchoro wa kuunguza. Wa pili una mti uliokauka na samaki aliyekufa, maana yake dawa hii inaua viumbe wa majini. Ukiona miraba ya rangi ya chungwa yenye msalaba mweusi, hiyo ni ya mfumo wa zamani, na chupa hiyo imekaa kabatini miaka mingi.

Sasa, mchoro wa kuunguza peke yake haujamaliza maneno. Unaeleza aina ya hatari tu, na ukali wake uko kwenye neno lililoandikwa kando kwa herufi nene. Maneno hayo ni mawili katika kila lugha, na chupa hupewa moja tu. Kwa Kijerumani zito ni GEFAHR na jepesi ni ACHTUNG. Kwa Kituruki ni TEHLİKE na DİKKAT. Kwa Kifaransa ni DANGER na ATTENTION. Mraba uleule wa mkono na chuma ukiandamana na ACHTUNG, huenda maana yake ni kwamba dawa inakula chuma, basi. Ukiandamana na GEFAHR, inazungumzia mwili wako: ngozi, macho, au vyote viwili.

Chupa yetu ina GEFAHR, na chini yake kuna sentensi inayosema kwamba dawa inaunguza vibaya ngozi na kuharibu macho. Mara nyingine mbele ya sentensi huwekwa msimbo, hapa ni H314, nao haubadiliki kwa lugha yoyote: H314 ya Kituruki ndiyo H314 ya Kijerumani. Ikiwa umeandikwa, kazi imekwisha. Lakini sheria inalazimisha sentensi tu, si msimbo, kwa hiyo chupa nyingi za nyumbani hazina. Hapo umtegemee aliyenunua, au utafute safu ya lugha unayoijua, kwani chupa moja huuzwa nchi kadhaa na lebo yake hurudia maelezo kwa lugha mbili tatu.

Hadi hapa msomaji makini ameshajua kwamba avae glavu na alinde macho. Ila jambo ninaloliona la hatari kuliko yote nyumbani halina mchoro wowote. Liko chini kidogo, kwenye sentensi inayoanza na lile lile neno jepesi: "Achtung! Nicht zusammen mit anderen Produkten verwenden", na mwishoni, ndani ya mabano, utaona "Chlor". Inasema usiitumie pamoja na dawa nyingine, kwa kuwa inaweza kutoa gesi ya klorini. Wenye haraka huliona neno Achtung, wakadhani ndilo neno la tahadhari la chupa nzima, wakaishusha hadhi dawa iliyopewa GEFAHR.

Fikiria inavyotokea. Jeli imemwagwa kwenye bomba la sinki asubuhi, bomba halikuzibuka, na dawa imebaki kwenye kona ya bomba pale chini. Mchana mtu mwingine anaona maji hayaendi, anachukua dawa ya choo yenye asidi na kuimwaga palepale. Asidi ikikutana na klorini ya aina hiyo, gesi hutoka papo hapo. Utaijua kwa harufu kali inayochoma pua, macho kutoa machozi, kikohozi na kifua kubana. Toka nje kwenye hewa, usirudi kumwagia kitu kingine, na aliyebanwa kifua apelekwe hospitali hata akisema ameshapata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Neno kwa wanaopokea mizigo kutoka Marekani: huko dawa za nyumbani kwa kawaida hazina miraba hii myekundu. Hutegemea maneno matatu, DANGER, WARNING na CAUTION, na la kwanza ndilo zito. Chupa ya Marekani isiyo na mchoro haijawa salama kwa hilo.

Lebo ya jeli yetu inaeleza pia la kufanya ikimezwa: suuza mdomo, usimtapishe mgonjwa. Kwetu wengi hukimbilia kumtapisha, ilhali kostiki iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda. Ikiingia machoni, suuza kwa maji kwa dakika kadhaa mfululizo, kisha nenda hospitali. Nenda na chupa yenyewe. Karibu na lebo tafuta pia herufi UFI zikifuatiwa na herufi na tarakimu 16. Vituo vya sumu vya Ulaya hutambua mchanganyiko wa dawa kwa namba hiyo, na ndugu aliyeko Ujerumani anaweza kuwapigia simu akawasomea.

Ndiyo maana desturi yetu ya kugawana dawa, nusu kwa jirani ndani ya chupa ya maji ya kunywa, haifai kabisa kwa jeli ya namna hii. Chupa ya awali ina kifuniko kinachomshinda mtoto na pembetatu ndogo iliyoinuka ambayo asiyeona huigusa akajua ni hatari. Jirani akiitaka, mkaribishe aje kuitumia ikiwa ndani ya chupa yake.