Kusoma pembetatu ya udongo: mchanga, silti na mfinyanzi katika nukta moja

Pembetatu ya umbile la udongo ni mchoro wa pande tatu zilizo sawa, na kila kona yake ni udongo wa aina moja tupu. Kona ya juu ni mfinyanzi asilimia 100, ya chini kushoto ni mchanga asilimia 100, na ya chini kulia ni silti asilimia 100. Silti ni zile chembe za katikati, laini kama unga zikiwa kavu, ambazo mto huziacha bondeni maji yanapopungua. Kila udongo wa shambani ni mchanganyiko wa hizo tatu, kwa hiyo nukta yake huangukia mahali fulani kati ya kona hizo.

Kinachotenganisha makundi haya matatu ni ukubwa wa chembe, wala si rangi au rutuba. Katika mfumo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambao ndio unaokutwa katika ripoti nyingi za maabara za Afrika Mashariki, mchanga ni chembe za kuanzia milimita 2 hadi 0.05, silti ni kuanzia 0.05 hadi 0.002, na chochote kilicho chini ya hapo ni mfinyanzi. Kokoto na mawe huchujwa kwanza kwa chekeche la milimita 2 na hayamo katika hesabu. Asilimia ni za uzito, na jumla yake lazima iwe 100. Jumla hiyo isiyobadilika ndiyo inayowezesha vitu vitatu kuchorwa kwenye karatasi bapa, kwa maana anayejua viwili amekwisha kukijua cha tatu.

Ugumu wa wasomaji wengi hauko kwenye namba bali kwenye mwelekeo wa mistari. Katika grafu ya kawaida iliyofundishwa shuleni, mistari husimama wima au hulala. Hapa ni mistari ya mfinyanzi pekee inayolala. Namba zake zimeandikwa upande wa kushoto, zikipanda kutoka 0 chini hadi 100 juu, na mstari huenda moja kwa moja kulia. Namba za silti ziko upande wa kulia, zikiongezeka kuelekea chini, na mistari yake hushuka kwenda kushoto, sambamba na upande wa kushoto wa pembetatu. Namba za mchanga ziko kwenye kitako, zikiongezeka kutoka kulia kwenda kushoto, na mistari yake hupanda ikiinamia kushoto, sambamba na upande wa kulia.

Kanuni iliyo nyuma ya mielekeo hiyo ni moja. Mistari ya kila aina ya chembe huwa sambamba na upande ulio mkabala na kona yake, kwa sababu upande huo ndio wenye asilimia 0 ya aina hiyo. Upande wa kulia, kwa mfano, unaunganisha mfinyanzi na silti bila mchanga wowote. Kila mstari wa mchanga basi ni upande huohuo uliosogezwa hatua kadhaa kuelekea kona ya mchanga. Aliyeshika kanuni hii anaweza kusoma hata pembetatu iliyogeuzwa au iliyochapishwa bila mishale.

Namba zenyewe hupatikana kwa kuacha udongo utuame majini. Njia inayotumika sana ni ya haidromita, iliyotangazwa na George Bouyoucos wa Michigan mwaka 1927. Gramu 50 za udongo mkavu uliochekechwa hulowekwa katika maji yenye sodiamu heksametafosfeti, kemikali inayozifanya chembe za mfinyanzi ziachane. Mchanganyiko hukorogwa kwa mashine, humiminwa katika silinda ya lita 1, hujazwa maji hadi alama, kisha hutikiswa na kuachwa utulie. Chembe nzito huzama kwanza. Baada ya sekunde 40 mchanga umekwisha kushuka, na haidromita husoma silti na mfinyanzi vilivyobaki vikielea. Baada ya saa 2 husomwa tena, na kinachoelea sasa huhesabiwa kuwa mfinyanzi. Silinda ya pili yenye maji na kemikali tu husomwa pembeni, na usomaji wake hutolewa.

Tuseme sampuli ya shamba la mahindi imesomeka gramu 26 kwa lita kwenye sekunde 40, na gramu 17 baada ya saa 2, huku silinda isiyo na udongo ikisomeka 3. Baada ya kutoa, zinabaki 23 na 14. Gramu 23 kati ya 50 ni asilimia 46, ambayo ni silti na mfinyanzi kwa pamoja, kwa hiyo mchanga ni asilimia 54. Gramu 14 kati ya 50 ni asilimia 28, nayo ni mfinyanzi. Silti ni tofauti iliyobaki, yaani 46 kutoa 28, ambayo ni asilimia 18.

Kwenye pembetatu, kidole kinaanzia 28 upande wa kushoto na kwenda kulia kwa mstari uliolala. Kingine kinaanzia 54 kwenye kitako na kupanda kuelekea kushoto. Vinapokutana ndipo ilipo nukta, ndani ya kimojawapo cha vyumba vya majina vilivyochorwa kwenye pembetatu, yaani chumba cha tifutifu ya kichanga na mfinyanzi. Silti haihitajiki kuipata nukta, ila inafaa sana kuihakiki: mstari wa 18 kutoka upande wa kulia lazima upite hapohapo.

Uhakiki huo ndio unaofichua kosa la kawaida kuliko yote, la kupandisha mchanga wima kana kwamba ni grafu ya shule. Anayepanda wima kutoka 54 hadi usawa wa mfinyanzi 28 hufika mahali ambapo kwa kweli mchanga ni asilimia 40 na silti ni 32. Hapo ni chumba kingine, cha tifutifu ya mfinyanzi. Jina linalopatikana halishangazi mtu, kwa hiyo kosa hupita kimya kimya. Lakini mstari wa silti unaopita kwenye nukta hiyo unasema 32 wakati ripoti inasema 18, na hilo halina maelezo mengine.

Vyumba vya pembetatu ni 12, na havilingani hata kidogo. Ili udongo uitwe mchanga lazima uwe na mchanga wa asilimia 85 au zaidi, na ili uitwe silti lazima silti ifike 80. Mfinyanzi hauhitaji kushinda kwa namna hiyo. Kuanzia asilimia 40 tu, udongo unaweza kuitwa mfinyanzi hata kama zaidi ya nusu ni chembe nyingine. Sababu ni kwamba chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, na eneo la juu ya ngozi zake zote kwa pamoja ni kubwa kupita kiasi likilinganishwa na la mchanga wa uzito uleule. Huko ndiko maji na virutubisho hushikwa, na huko ndiko udongo hupata unato wake. Kwa hiyo hata katikati kabisa ya pembetatu, penye theluthi ya kila aina, si tifutifu bali ni tifutifu ya mfinyanzi. Tifutifu yenyewe iko chini zaidi, penye mfinyanzi wa asilimia 7 hadi 27.

Mistari inayogawa vyumba ni makubaliano ya watu, na udongo haubadiliki ghafla unapoivuka. Sampuli ya mfano iko salama, kwa kuwa mpaka wa karibu wa mfinyanzi uko kwenye 35 juu na 20 chini. Yenye mfinyanzi wa 21 ingekuwa na mashaka, hasa kwa njia ya saa 2. Chembe ya milimita 0.002 huchukua karibu saa 8 kushuka sentimita 10 katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi. Baada ya saa 2 tu bado ziko chembe kubwa kuliko hizo zinazoelea, nazo ni silti iliyohesabiwa kuwa mfinyanzi. Mwenye haraka hupata mfinyanzi mwingi kuliko uliopo, na udongo wa mpakani huhamishwa chumba.

Kosa la upande wa pili hutokea chembe zisipoachana vizuri. Vibonge vya mfinyanzi huzama haraka na kuandikwa kuwa mchanga. Dalili yake huonekana kwa macho: maji ya juu ya silinda huanza kung'aa mapema, yakitengana na tope kwa mstari ulio wazi, badala ya kubaki na ukungu wa mfinyanzi kwa saa nyingi. Sampuli hiyo hurudiwa, na ikiwa ina mboji nyingi huchomwa kwanza kwa haidrojeni peroksaidi.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwenye silinda. Mfumo wa kimataifa unaotokana na kazi ya Atterberg huweka mpaka wa mchanga na silti kwenye milimita 0.02 badala ya 0.05. Udongo wa bonde la mto wenye mchanga 28, silti 50 na mfinyanzi 22 kwa mfumo wa Marekani ni tifutifu ya silti. Ikiwa nusu ya silti hiyo ni kubwa kuliko milimita 0.02, ripoti ya mfumo wa pili itaandika mchanga 53, silti 25 na mfinyanzi 22. Namba hizo zikipelekwa kwenye pembetatu ya Marekani hutoa tifutifu ya kichanga na mfinyanzi. Jumla ni 100 katika ripoti zote mbili, hivyo hakuna kinachomshtua msomaji. Kinga pekee ni kutazama mipaka ya milimita iliyoandikwa kwenye ripoti kabla ya kuchukua pembetatu yoyote.

Hata nukta iliyowekwa sawasawa husema kiasi cha mfinyanzi, haisemi ni mfinyanzi gani. Udongo mwekundu wa miinuko ya Kiambu na udongo mweusi wa nyanda za Athi huangukia wote katika chumba cha mfinyanzi. Ule mwekundu una madini ya jamii ya kaolini yaliyogandishwa na oksidi za chuma kuwa punje ndogondogo. Mkononi husagika kama tifutifu, maji hupita upesi, na jina la zamani la Kiingereza lilikuwa limeuweka miongoni mwa tifutifu. Ule mweusi una madini ya smektaiti, yanayovimba yakilowa na kusinyaa yakikauka, ndiyo maana ardhi yake hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu wakati wa mvua. Kuzitofautisha aina hizo mbili, mpimaji wa udongo huchimba shimo, hutazama nyufa na nyuso zinazong'aa za mabonge yaliyosuguana, na maabara hupima uwezo wa udongo kubadilishana kationi, ambao katika ule mweusi huwa mkubwa zaidi kwa uzito uleule wa mfinyanzi.